Anwani Isiyokaa Popote

Ndani ya klasta moja ya Kubernetes kuna anwani 10.104.37.82. Ingia seva ya kwanza, orodhesha kadi zake zote za mtandao: huioni. Nenda ya pili, haimo. Ya tatu, haimo. Ijaribu kwa `ping`, kimya. Lakini programu yoyote ya humo ndani ikiiita anwani hiyohiyo kwenye porti 80, inajibiwa ndani ya milisekunde chache. Hakuna mashine yenye anwani hiyo, wala hakuna programu inayoisikiliza, na bado kutwa kucha watu wanauziwa tiketi kupitia hapo.

Tuseme ni klasta ya kampuni ya mabasi. Ina seva tatu kwenye chumba chake chenyewe, na kwa lugha ya Kubernetes kila seva ni nodi: nodi-1 ni 192.168.10.11, nodi-2 ni 192.168.10.12 na nodi-3 ni 192.168.10.13. Programu ya kuuza tiketi inaendeshwa kwa nakala tatu. Kila nakala imefungwa ndani ya podi, yaani kifungashio kidogo kabisa ambacho Kubernetes hukipanga kwenye nodi, na kila podi hupewa anwani yake ya IP. Leo podi moja iko nodi-1 ikiwa na anwani 10.244.1.17, na mbili ziko nodi-2, yaani 10.244.2.9 na 10.244.2.23. Nodi-3 haina podi ya tiketi hata moja. Tuikumbuke hiyo, maana itatusumbua baadaye.

Neno la kushika hapo ni "leo". Podi haifufuki. Ikifa, Kubernetes huunda nyingine mpya, pengine kwenye nodi nyingine, na karibu kila mara yenye anwani nyingine. Ukipakia toleo jipya la programu, podi zote tatu huondolewa moja baada ya nyingine na nafasi zao kuchukuliwa na ngeni. Kwa hiyo programu ya malipo iliyoandikiwa 10.244.2.9 ndani ya kodi yake itafanya kazi vizuri hadi siku ya kwanza ya kupakia toleo, kisha itaanza kuita mahali ambapo hapana mtu.

Dawa yake ni huduma, ambayo kwenye faili huandikwa `Service`. Ni kama namba fupi ya huduma kwa wateja ya kampuni ya simu: wewe unaijua namba, hujui wala huulizi nani ameingia zamu. Ila mfano huo una kasoro moja kubwa, na kasoro hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Kwenye kampuni ya simu kuna mtambo unaopokea simu na kuigawa. Kwenye Kubernetes, mtambo huo haupo.

Hii ndiyo huduma yetu ilivyoandikwa:

```
apiVersion: v1
kind: Service
metadata:
  name: tiketi
  namespace: safari
spec:
  selector:
    app: tiketi
  ports:
  - port: 80
    targetPort: 8080
```

Faili haitaji podi yoyote kwa anwani. Inasema tu kwamba podi yoyote yenye lebo `app: tiketi` ni yangu, mnaonitafuta niiteni kwenye porti 80, nami nitawapeleka kwenye porti 8080 ya podi, ambako programu yenyewe inasikiliza. Faili likipokelewa, Kubernetes huchagua anwani moja kutoka kwenye fungu lililotengwa kwa ajili ya huduma. Klasta iliyojengwa kwa kubadm, kifaa kinachoandikwa `kubeadm`, hutenga fungu la 10.96.0.0/12 kama hukusema vingine, na humo ndimo ilimotoka 10.104.37.82. Kwa kuwa hatukutaja aina, huduma inakuwa ya aina ya `ClusterIP`.

Baada ya hapo kazi inagawanyika pande mbili. Kwenye makao makuu ya klasta kuna kidhibiti ambacho muda wote kinatazama ni podi zipi zina lebo ile na ziko tayari kupokea kazi, kisha kinaandika anwani zake kwenye orodha iitwayo `EndpointSlice`. Kila orodha hubeba anwani zisizozidi 100 kwa kawaida, zikizidi inafunguliwa orodha nyingine. Na kwenye kila nodi kuna `kube-proxy`, ambaye naye anaitazama orodha hiyo. Jina lake linapotosha: mtu husikia "proksi" akadhani pakiti zinapitia kwake. Hapo mwanzo wa Kubernetes kweli zilipita kwake, lakini utaratibu huo umeshaachwa. Siku hizi `kube-proxy` ni karani. Anaisoma orodha, anaiandikia kerneli ya Linux kanuni, kisha anakaa pembeni. Ukimwua saa hii, tiketi zitaendelea kuuzwa kama kawaida, kwa sababu kanuni zimeshaandikwa. Tatizo litaanza podi zitakapobadilika na hakuna wa kuziandika upya.

Tufuate ombi moja. Podi ya malipo iko nodi-3, na inataka kuiuliza programu ya tiketi kama kiti namba 14 bado kipo. Inaita `http://tiketi`. Jina hilo linapelekwa kwa CoreDNS, seva ya majina ya humo ndani, ambayo inalijua kwa urefu wake kamili, `tiketi.safari.svc.cluster.local`, na inajibu: 10.104.37.82. (CoreDNS yenyewe nayo hufikiwa kupitia huduma ya aina hiihii, kwa kawaida 10.96.0.10. Kwa hiyo mambo haya yakiharibika, hata majina hayasomeki.)

Podi ya malipo inatuma pakiti ya kwanza ya TCP kwenda 10.104.37.82 porti 80. Pakiti inatoka kwenye podi na kuingia kwenye mtandao wa nodi-3, na hapo, kabla haijapelekwa popote, kerneli inaipitisha kwenye kanuni. Majina halisi ya kanuni hizi ni marefu na yana herufi za kubahatisha, basi hapa nimeyafupisha:

```
-A KUBE-SVC-TIKETI -m statistic --mode random --probability 0.33333333349 -j KUBE-SEP-A
-A KUBE-SVC-TIKETI -m statistic --mode random --probability 0.50000000000 -j KUBE-SEP-B
-A KUBE-SVC-TIKETI -j KUBE-SEP-C
```

Mtu akiziona mara ya kwanza hudhani kuna makosa: kwa nini theluthi, kisha nusu, kisha yote? Zisome kwa mpangilio. Kanuni ya kwanza inachukua theluthi ya pakiti na kuzipeleka podi ya kwanza. Zilizobaki ni theluthi mbili. Kanuni ya pili inachukua nusu ya hizo, yaani theluthi moja ya zote. Ya tatu inabeba chochote kilichosalia, ambacho nacho ni theluthi. Kura imepigwa kwa haki bila kuhesabu chochote wala kukumbuka nani alipewa mara ya mwisho.

Tuseme kura imeangukia B. Kerneli inafuta 10.104.37.82:80 kwenye pakiti na kuandika 10.244.2.9:8080. Kitendo hicho mafundi wa mitandao hukiita DNAT. Kuanzia hapo anwani ya huduma imetoweka; kinachosafiri kwenda nodi-2 ni pakiti ya kawaida kati ya podi na podi. Kerneli pia inaandika kwenye daftari lake la miunganisho, `conntrack`, kwamba muunganisho huu ulibadilishwa hivi na hivi. Jibu likirudi nodi-3, inalifungua daftari na kurudisha maandishi ya mwanzo, na podi ya malipo inaamini kabisa kwamba imejibiwa na 10.104.37.82.

Ndiyo maana `ping` haikujibiwa. Kanuni zimeandikwa kwa TCP porti 80 peke yake, na `ping` haina porti. Mafundi wengi wamepoteza nusu siku wakiamini huduma imekufa kwa sababu tu haijibu `ping`. Niseme pia kwamba hapa naeleza mtindo wa `iptables`, uliozoeleka kuliko yote. Ipo mitindo mingine, kama `nftables` na ule wa `ipvs`, na wa `ipvs` kwa kweli huziweka anwani za huduma kwenye kadi bandia ya kila nodi. Wazo ni lilelile: kila nodi inaamua yenyewe, papo hapo ombi linapotokea.

Kuna jambo moja limejificha kwenye safari hiyo ambalo huwagharimu watu. Kura hupigwa kwa pakiti ya kwanza ya muunganisho. Zinazofuata hazipigiwi kura tena, zinafuata daftari. Kama podi ya malipo inafungua muunganisho mpya kwa kila ombi, podi tatu za tiketi zitagawana kazi karibu sawa. Lakini programu za kisasa hupenda kufungua muunganisho mmoja na kuushikilia kwa saa nyingi, wakipitisha humo maelfu ya maombi. Wanaotumia gRPC hulijua hili vizuri. Matokeo yake podi moja inachemka, mbili zinapiga miayo, na fundi anaongeza za nne na tano ambazo nazo zinakaa bure, kwa kuwa hakuna muunganisho mpya wa kuzipigia kura. Huduma hapo haijakosea. Imefanya kazi yake mara moja, asubuhi, basi. Dawa iko upande wa mteja: afunge na kufungua muunganisho kila baada ya muda, au apewe anwani za podi zote achague mwenyewe, jambo linalowezekana ukiandika `clusterIP: None` kwenye huduma, na jina likajibiwa kwa orodha ya podi.

Sasa mawakala. Wako kwenye ofisi za stendi, kompyuta zao ziko kwenye mtandao wa kampuni, na wanataka kufungua programu ya tiketi. Anwani 10.104.37.82 haiwafai hata kidogo, kwani nje ya nodi za klasta haina maana yoyote. Ruta ya stendi haijawahi kuisikia, na hata ikiisikia haina kanuni za kuibadilisha. Hapo ndipo aina ya pili inapoingia. Unaongeza mstari `type: NodePort`, na Kubernetes inachagua porti moja kati ya 30000 na 32767, tuseme 31380. Kila nodi, hata nodi-3 isiyo na podi ya tiketi, sasa inapokea maombi kwenye porti hiyo.

Huduma haikubadilishwa kuwa kitu kingine. Anwani yake ya ndani ipo vilevile na podi ya malipo inaendelea kuitumia. Kilichoongezwa ni mlango wa kuingilia: pakiti ikija kwa nodi yoyote kwenye porti 31380, ipeleke kwenye kura ileile ya theluthi, nusu na yote.

Wakala mwenye kompyuta 192.168.50.24 anafungua `http://192.168.10.13:31380`. Pakiti inafika nodi-3, kura inaangukia podi iliyoko nodi-1, pakiti inavuka kwenda huko. Mpaka hapo sawa. Shida iko kwenye kurudi. Podi ikiona kwamba mwombaji ni 192.168.50.24, itamjibu moja kwa moja kupitia nodi-1. Lakini wakala alizungumza na nodi-3. Daftari la muunganisho liko nodi-3. Akipokea jibu kutoka kwa mtu asiyemjua, kompyuta yake italitupa, na ukurasa hautafunguka.

Kwa hiyo nodi-3 inafanya ujanja wa pili. Kabla ya kuipeleka pakiti mbele, inafuta pia anwani ya mtumaji na kuweka yake. Podi inadhani anayeuliza ni nodi-3, inamjibu nodi-3, nayo inafungua daftari, inarudisha maandishi yote mawili na kumkabidhi wakala jibu lake. Safari imekamilika, lakini kuna bei: programu ya tiketi haimjui tena mteja wake. Kwenye logi zake, wakala wa Ubungo na wa Moshi wote wanaonekana kuwa nodi. Kama ulitaka kumzuia mtu anayejaribu nywila mara mia kwa dakika, utajikuta umeizuia nodi yako mwenyewe.

Upo mstari wa kuondoa shida hiyo, nao ni `externalTrafficPolicy: Local`. Unaiambia kila nodi: wapelekee wanaotoka nje podi zilizo kwako tu, usivuke kwenda kwa jirani. Kwa kuwa pakiti haivuki, hakuna haja ya kubadili jina la mtumaji, na logi zinaanza kuonyesha 192.168.50.24. Fundi anafurahi. Kesho yake simu zinaanza kuingia kutoka stendi: mfumo unagoma, si kwa wote, si kila mara.

Kilichotokea ni hiki. Mawakala walipewa jina moja la DNS lenye anwani za nodi zote tatu, ili mzigo ugawanyike. Wanaoangukia nodi-1 na nodi-2 wanahudumiwa. Wanaoangukia nodi-3 wamefika kwenye nodi isiyo na podi, iliyokatazwa kuvuka, na ambayo katika hali hiyo huzitupa pakiti bila kusema neno. Ukijaribu nodi moja moja, jambo linajitokeza wazi:

```
$ curl -m 3 http://192.168.10.13:31380/
curl: (28) Connection timed out after 3001 milliseconds
```

Zile nyingine mbili zinajibu. Shida ya "mara inakubali, mara inakataa" karibu kila mara hutatuliwa hivyo, kwa kuacha kupiga jina na kuijaribu kila anwani iliyo nyuma yake.

`NodePort` ina hatari nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Kwenye mtindo wa `iptables`, kama hukuweka mipaka, porti ile inafunguka kwenye anwani zote za nodi, ikiwamo ya intaneti kama nodi inayo. Wengi hutuliza moyo kwamba wamewasha `ufw` na kufunga kila kitu isipokuwa porti 22. Lakini pakiti ya `NodePort` hubadilishwa anwani mapema mno, kabla ya kufika kwenye kanuni za `INPUT` ambazo ndizo wengi huziandika. Inapofika hatua ya kuchujwa, tayari ni pakiti inayopita kwenda kwenye podi, na inaangaliwa na mlolongo mwingine, `FORWARD`. Ukuta uko imara, ila mgeni hakupitia upande huo. Hifadhidata iliyowekwa `NodePort` "kwa majaribio tu" hubaki wazi kwa njia hiyo. Ihakikishe kwa kujaribu kutoka nje, kwenye kompyuta isiyo ya mtandao wako.

Kisha kampuni inataka kumuuzia tiketi abiria mwenyewe kwenye simu yake. Huwezi kumwambia abiria aandike namba 31380 mwishoni mwa anwani. Anahitaji anwani moja ya intaneti, porti ya kawaida ya 80 au 443, na kifaa mbele ya nodi kinachojua ipi ni nzima na ipi imezimika. Hiyo ndiyo aina ya tatu, `LoadBalancer`, na wengi huielewa vibaya kwa sababu wanadhani Kubernetes yenyewe inacho kigawa mzigo ndani yake. Haina. Ilizaliwa Google, ikatangazwa mwaka 2014 na kutoa toleo la 1.0 Julai 2015, na tangu mwanzo ilichukulia kwamba kigawa mzigo ni mali ya mwenye mashine. Ukiandika `type: LoadBalancer`, umeandika ombi, na lazima awepo wa kulipokea.

Kwenye seva za kukodi za wingu, kama za Amazon, Google au Microsoft, anayelipokea ni programu ya kampuni hiyo iliyounganishwa na klasta. Inaliona ombi, inaagiza kigawa mzigo halisi kwenye mtandao wa kampuni, inakiandikisha nodi zote tatu na porti ile ya 31380, kisha inarudi kuandika anwani ya nje kwenye huduma. Kazi hiyo huchukua muda, mara nyingi dakika moja au mbili. Kwenye chumba cha kampuni yetu ya mabasi, hakuna mtu wa kulipokea ombi, na mandhari ni hii:

```
$ kubectl get svc tiketi -n safari
NAME     TYPE           CLUSTER-IP     EXTERNAL-IP   PORT(S)        AGE
tiketi   LoadBalancer   10.104.37.82   <pending>     80:31380/TCP   2d
```

Siku mbili, na bado `<pending>`. Itabaki hivyo hata mwaka, kwa kuwa hakuna kilichoharibika cha kutengenezwa. Lakini utazame mstari huo kwa makini, maana unaonyesha jinsi aina hizi zinavyokaliana. Anwani ya ndani bado ipo. Porti 31380 bado ipo, na mawakala wanaendelea kuitumia. Kilichokosekana ni tabaka la juu tu. `LoadBalancer` kwa kawaida ni `NodePort` iliyowekewa kifaa mbele, na `NodePort` ni `ClusterIP` iliyotobolewa mlango kwenye kila nodi. Anayezieleza kama bidhaa tatu tofauti za kuchagua moja anakufanya ushangae kila unapoziona zote kwenye mstari mmoja.

Kwa wenye seva zao, suluhisho linalotumika sana ni MetalLB. Unalipa fungu la anwani ambazo hazijatumika kwenye mtandao wako, nayo inakuwa yule mpokeaji wa maombi aliyekosekana. Ila ujue unachopata. Kwenye mtindo wake rahisi, nodi moja huchaguliwa na kujitangaza kwenye mtandao kwamba anwani ile ni yake, hivyo pakiti zote za nje huingilia kwa nodi hiyo moja, ndipo zigawanywe kwa kura. Nodi hiyo ikifa, nyingine inashika nafasi. Ni bima ya kutozimika, na ni bima nzuri, lakini nodi moja ndiyo inayobeba mzigo wote wa mlangoni. Ukitaka mgawanyo wa kweli tangu mlangoni, utahitaji ruta inayozungumza BGP na MetalLB.

Kigawa mzigo cha kweli kinaponya pia ugonjwa wa nodi-3. Huduma ya `LoadBalancer` yenye `externalTrafficPolicy: Local` hupewa porti ya ziada ya kupimia afya. Kigawa mzigo kinaiuliza kila nodi kupitia porti hiyo: una podi ya tiketi kwako? Nodi-3 inajibu sina, nacho kinaacha kuipelekea abiria. Kinachobaki ni mgawanyo usio sawa. Kama kigawa mzigo kinagawa nusu kwa nusu kati ya nodi-1 na nodi-2, podi moja ya nodi-1 inabeba nusu ya abiria wote peke yake, na zile mbili za nodi-2 robo kila moja. Zipo klasta za wingu ambako kigawa mzigo kinazijua podi zenyewe na kuruka kabisa hatua ya porti ya nodi. Huko hesabu hii haipo.

Kwenye wingu kila huduma ya `LoadBalancer` kwa kawaida huleta kigawa mzigo chake, na kila kimoja kina bili yake ya mwezi, kitumike kisitumike. Nimeona klasta zenye huduma ishirini, zote zimeandikwa `LoadBalancer` kwa sababu aliyeandika ya kwanza aliona imekubali. Mpangilio wa busara ni kuwa na mlango mmoja: programu ya kupokea maombi ya HTTP, iwe ya `Ingress` au ya `Gateway`, ndiyo pekee yenye aina ya `LoadBalancer`. Inasoma jina la tovuti na njia, kisha inapeleka kwa huduma husika. Tiketi, malipo, ratiba na nyingine zote zinabaki `ClusterIP`, na hakuna wa nje anayejua kwamba zipo.

Mambo yakigoma, anza ndani utoke nje, kwa sababu kila tabaka linalitegemea lililo chini yake. Cha kwanza kutazama ni ile orodha ya anwani:

```
$ kubectl get endpointslices -n safari -l kubernetes.io/service-name=tiketi
```

Ikiwa safu ya anwani ni tupu, usihangaike na mtandao. Ama lebo haifanani, mtu kaandika `app: ticketi` upande mmoja, ama podi zipo lakini hazijatangazwa kuwa tayari, na huduma haiipelekei kazi podi isiyo tayari. Anayeita huduma yenye orodha tupu hujibiwa mara moja `Connection refused`, kwa kuwa `kube-proxy` huandika kanuni ya kukataa.

Ikiwa anwani zipo na bado unakataliwa mara moja, ingia kwenye podi yoyote ya klasta na uite podi ya tiketi moja kwa moja, bila kupitia huduma. Ikikataa hata hapo, programu haisikilizi pale unapodhani. Pengine `targetPort` inasema 8080 na programu iko 3000. Au, na hili huwapata hasa wanaotoka kuandikia programu kwenye kompyuta zao, inasikiliza 127.0.0.1 tu, yaani inajisikiliza yenyewe ndani ya podi. Ibadilishwe isikilize 0.0.0.0.

Kukataliwa haraka na kusubiri hadi muda kuisha ni habari mbili tofauti. Aliyekukataa yupo, amekusikia. Ukisubiri bila jibu, pakiti imetupwa njiani: ukuta kati ya nodi na nodi, sera ya mtandao ya klasta, au nodi isiyo na podi iliyokatazwa kuvuka. Na kama podi inajibu vizuri ukiiita kwa 10.244.2.9:8080, lakini 10.104.37.82 haijibu ukiwa nodi-3 huku ikijibu ukiwa nodi-1, basi kanuni za nodi-3 zimepitwa na wakati, na logi za kusoma kwanza ni za `kube-proxy` wa nodi hiyo.